RSI Inaposhuka na Bei Ikagoma: Kuisoma Daivajensi Iliyofichika

Wengi wanaofuatilia chati za hisa au sarafu huijua daivajensi ya aina moja tu: ile ya kuonya kwamba mwelekeo umechoka. Ipo ya pili, ambayo huashiria kinyume chake, yaani kwamba mwelekeo huenda bado una nguvu. Anayezichanganya huuza pale ambapo dalili ilimwambia ashikilie.

Tuanze na chombo chenyewe. RSI ilibuniwa na Mmarekani J. Welles Wilder, aliyeitangaza mwaka 1978. Huchukua siku 14 zilizopita, ikajumlisha kiasi ambacho bei ilipanda katika siku za kupanda na kiasi ilichoshuka katika siku za kushuka, kisha ikatafuta sehemu ya kupanda katika mwendo wote, kwa asilimia. Wilder alitumia wastani unaozipa siku za karibuni uzito zaidi, lakini hesabu ya kawaida inatosha kutuonyesha jambo. Kumbuka kwamba RSI haijui bei iko wapi. Inajua tu msukumo wa siku za karibuni umeelemea upande gani.

Katika daivajensi ya kawaida, bei hufika mbali zaidi ila msukumo haufiki. Bei inapanda hadi kilele kipya, lakini kilele cha RSI ni cha chini kuliko kile kilichotangulia. Wanunuzi wameisogeza bei, ila kwa nguvu pungufu, na ndiyo maana dalili hii husomwa kama onyo la kugeuka. Bei ikishuka, hutazamwa mabonde: bei inachimba bonde la chini zaidi huku bonde la RSI likiwa juu zaidi.

Katika daivajensi iliyofichika, msukumo ndio hufika mbali zaidi, na bei ndiyo isiyofika. Tuchukue hisa ya kubuni inayopanda. Imefika shilingi 112, ikarudi hadi 100, ikapanda hadi 120, kisha ikarudi tena hadi 104. Tulinganishe yale mabonde mawili, 100 na 104.

Kwenye bonde la kwanza, tuseme katika siku 14 zilizopita hisa ilipanda jumla ya shilingi 18 na kushuka jumla ya shilingi 22. Mwendo wote ni 40, na 18 katika 40 ni asilimia 45. RSI ni 45. Kwenye bonde la pili, ilipanda jumla ya 12 na kushuka jumla ya 20. Mwendo wote ni 32, na RSI ni 37.5. Kwa hiyo RSI imezama chini kuliko mara ya kwanza, ilhali bei imesimama shilingi nne juu.

Maana yake ni kwamba safari hii wauzaji walitawala siku za karibuni kuliko awali, na bado hawakuweza kuirudisha bei hadi 100. Kuna wanunuzi waliokubali kulipa zaidi ya bei ya bonde lililopita. Ndiyo sababu umbo hili husomwa kama dalili ya kuendelea kupanda. Katika soko linaloshuka, tazama vilele: kilele cha bei kiko chini ya kilichotangulia, lakini kilele cha RSI kiko juu zaidi.

Mtego mkubwa uko kwenye neno “bonde”. Siku bei ilipofika 104, hakuna aliyejua kuwa hapo ni bonde. Lilitambulika baada ya bei kupanda kwa siku kadhaa. Programu nyingi huchora mstari wa daivajensi kwa kurudi nyuma, hivyo chati ya zamani humwonyesha mtu ishara mahali ambapo wakati ule hapakuwa na mstari wowote. Anayenunua mapema ananunua tu bei inayoanguka. Bei ikifunga chini ya 104, bonde lile limevunjika. Ikifika chini ya 100, hakuna tena daivajensi iliyofichika, na mpangilio wa mabonde yanayopanda umekufa nayo.

Mtego wa pili ni soko lisilo na mwelekeo. Bei ikizunguka kati ya kuta mbili, mabonde hupishana kidogo kidogo na umbo hili hutokea mara kwa mara bila maana, kwa kuwa hakuna safari ya kuendelezwa.

Kwa hiyo fuata mpangilio huu: kwanza thibitisha kwamba vilele na mabonde ya bei vinapanda, pili, linganisha RSI kwenye mabonde mawili yanayofuatana, tatu, subiri bei ifunge juu ya kilele kidogo cha mwisho ndani ya anguko lile. Katika mfano wetu, kikomo cha hasara kinakaa chini kidogo ya 104, kwa sababu hapo ndipo hoja yote ya kununua inapokoma.