Kabla Mkaguzi Hajafungua Faili

Mkaguzi wa ndani wa halmashauri akiandika kwenye hadidu za rejea kwamba atakagua "ukusanyaji wa mapato", ameanza vibaya. Mapato ni ushuru wa mazao, ada za minada, leseni, kodi za vibanda. Wakaguzi wawili hawawezi kuyamaliza kwa wiki tatu. Hadidu nzuri huanza na swali moja linalojibika.

Tuchukue mfano wa kubuni, ila wa kawaida Tanzania: ushuru unaokusanywa kwa mashine za POS. Ripoti za CAG zimekuwa zikitaja fedha zilizokusanywa kwa mashine hizo bila kupelekwa benki. Basi lengo liandikwe hivi: kuthibitisha kwamba kila shilingi iliyoingia kwenye mashine kuanzia Julai hadi Desemba ilifika benki, na ndani ya muda uliowekwa. Mawanda ni mashine zote zilizosajiliwa, zikiwemo mbovu na zilizoripotiwa kupotea. Kisha yatajwe yasiyokaguliwa: leseni na kodi za vibanda. Wakaguzi wengi huiruka sentensi hiyo, nami naiona nzito kuliko zote. Isipokuwepo, mkurugenzi atakayesoma ripoti safi atadhani vibanda navyo viko salama.

Yaliyobaki ni mafupi: nyaraka zinazohitajika, ratiba, na nani atapokea rasimu ya ripoti.

Kikao cha ufunguzi huitishwa na mkaguzi, na saa moja hutosha. Waliokusudiwa ni mweka hazina, msimamizi wa mapato na afisa TEHAMA, kwa sababu ndiye mwenye kumbukumbu za mfumo. Mkaguzi aeleze lengo, kisha asikilize. Tuseme msimamizi wa mapato anasema: "Ndugu mkaguzi, kule minadani mtandao hakuna. Mashine hukaa siku kadhaa kabla ya kutuma taarifa." Kauli hiyo inabadilisha kazi. Sasa italazimu kulinganisha tarehe ya kila stakabadhi na tarehe iliyosomeka kwenye mfumo, la sivyo ucheleweshaji wa mtandao utaonekana kuwa wizi, au wizi utajificha nyuma ya mtandao. Badiliko hilo liandikwe kwenye hadidu na lipelekwe kwa wote.

Kuna jambo moja lisilosemwa kikaoni: siku ya kuhesabu fedha mkononi mwa wakusanyaji. Likitajwa, fedha iliyokopwa itarudishwa usiku huohuo. Wakaguzi makini huhesabu kabla ya kikao au asubuhi ileile.

Idara ikikataa kutoa kumbukumbu fulani, kizuizi hicho kijadiliwe hapo hapo na kiingie kwenye muhtasari. Kisipotatuliwa, kifikishwe kwa kamati ya ukaguzi. Viwango vya kimataifa vilivyoanza kutumika Januari 2025 vinataka hivyo.

Nawe mkuu wa idara, ukipokea hadidu zisizosema nini hakitakaguliwa, omba zirekebishwe kabla ya kikao.