Kwa nini nguzo za histogramu hugusana

Fikiria karatasi ya manila iliyobandikwa kwenye ukuta wa zahanati. Imechorwa nguzo tatu za upana mmoja, zinazoonyesha wagonjwa wa mwezi uliopita kwa umri wao: walio chini ya miaka 5 ni 30, wa miaka 5 hadi 14 ni 20, na wa miaka 15 hadi 59 ni 90. Namba hizi ni za mfano tu, nimezichagua ili hesabu iwe nyepesi. Nguzo ya tatu imepanda mpaka ukingo wa juu wa karatasi, na kila anayepita anaondoka na jambo moja kichwani, kwamba watu wazima ndio wanaojaa zahanati. Idadi zote ni sahihi, ila mchoro unapotosha.

Aliyechora alitumia grafu ya nguzo mahali panapohitaji histogramu. Grafu ya nguzo ni ya vitu vilivyotengana. Mskoti William Playfair aliitumia mwaka 1786 kulinganisha biashara ya Skoti na nchi mbalimbali, nguzo zake kwa kila nchi. Hapo zahanati ingefaa kwa magonjwa: malaria nguzo yake, kuhara yake, nimonia yake. Kati ya malaria na kuhara hakuna kitu cha katikati, ndiyo maana tunaacha nafasi. Unaweza hata kuzihamisha nguzo, ukaanza na nimonia, na habari ikabaki ileile. Upana wa nguzo hauna maana yoyote, na macho yanasoma kimo peke yake.

Umri si hivyo. Umri ni mstari mmoja usiokatika. Mtoto wa miaka minne na miezi kumi na moja yumo katika kundi la kwanza, na siku anapotimiza mitano anaingia la pili bila kupita mahali patupu. Kundi la kwanza linaishia 5 na la pili linaanzia 5 hiyohiyo, kwa hiyo nguzo lazima zigusane. Angalia pia kwamba “5 hadi 14” haliishii 14. Mtoto wa miaka kumi na minne na nusu bado anaandikwa 14, basi ukingo wa kundi hili ni 15, na wa kundi la mwisho ni 60. Ukiona pengo ndani ya histogramu, nalo lina habari yake: hakuna hata mtu mmoja aliyeangukia hapo.

Sasa tuje kwenye upana. Kundi la kwanza limebeba miaka 5, la pili miaka 10, la tatu miaka 45. Bila shaka kapu la miaka 45 litajaa kuliko la miaka 5! Katika histogramu kila nguzo huchorwa kwa upana wa kundi lake juu ya mstari wa umri, na idadi ya watu huwa ni eneo lote la nguzo, yaani upana mara kimo. Ili kupata kimo, gawa idadi kwa upana. Wagonjwa 30 kwa miaka 5 ni 6 kwa kila mwaka wa umri, 20 kwa miaka 10 ni 2, na 90 kwa miaka 45 ni 2 vilevile. Mchoro umegeuka: watoto wadogo wamesimama juu mara tatu, na watu wazima wamelala chini kama ukuta mrefu na mfupi wa kimo. Hakuna mgonjwa aliyepotea, kwani maeneo bado ni 30, 20 na 90.

Histogramu hii haijasema kwamba mtoto mdogo yumo hatarini mara tatu. Kwa hilo ungehitaji kujua watu wangapi wa kila umri wanaishi hapo kijijini. Imesema tu wagonjwa wamesongamana wapi.

Wengi hukosea kwenye kompyuta. Wanachora grafu ya nguzo katika Ekseli, wanaweka `Gap Width` kuwa 0%, nguzo zinagusana, wanaiita histogramu. Makundi yakiwa ya upana sawa, mchoro huo utakubalika. Yakiwa ya upana tofauti, kama hapa, umefuta nafasi tu na upotoshaji uko palepale.

Basi ukikutana na grafu ya umri, mapato au uzito, anza kwa kusoma namba zilizoandikwa chini ya nguzo, utoe mwanzo wa kila kundi kwenye mwisho wake. Majibu yakitofautiana huku nguzo zote zina upana mmoja, usiamini kimo mpaka ugawe mwenyewe.