Barua ya Udhamini Si Barua ya Sadaka

Kila yakaribiapo maonyesho ya sayansi hunijia walimu wa mji wa Same, na wenzao wateremkao kutoka Mamba, Gonja na Vudee, na swali lao huwa lile lile: tuandike maneno gani ili kampuni ituonee huruma? Nimelijibu kwa staha mara nyingi, na leo nalijibu kwa maandishi, kwani nimechoka kuona kazi njema ya wanafunzi ikikwama kwa sababu ya karatasi moja iliyoandikwa kwa muradi usio wake.

Barua yenyewe naijua kabla sijaifungua. Chini ya YAH: OMBI LA MSAADA huja aya mbili za dhiki ya shule, maabara isiyo na maji na wazazi wasio na uwezo, kisha ombi la msaada wa hali na mali, "chochote mtakachojaliwa", na mwisho dua. Mwandishi huamini kwamba kutaja kiasi ni utovu wa adabu. Itikadi hii naielewa inakotoka, maana katika michango yetu ya harusi na misiba mtu hutoa kadiri ya uwezo wake, na mwenye shughuli akimpangia mgeni kiasi huonekana amekosa haya. Lakini anayetoa msibani hutoa mali yake mwenyewe, ilhali afisa anayeipokea barua yako katika kampuni hana hata senti moja ya kutoa. Alilo nalo ni fungu la bajeti ambalo atalitolea hesabu kwa mkubwa wake, kwa mhasibu, na baadaye kwa mkaguzi.

Mfuate afisa huyo mezani pake. Ili fedha itoke sharti ajaze hati ya kuombea malipo, na hati hiyo huuliza kiasi gani, alipwe nani, lini, na kampuni itapata nini. Akiishika barua ya "chochote" hana la kuandika katika nafasi ya kwanza wala ya mwisho, naye hawezi kubuni kiasi kwa niaba yako, kwani akibuni ataulizwa amekitoa wapi. Basi huiweka kando hata apate nafasi ya kukupigia simu, na nafasi hiyo aghalabu haipatikani. Wiki zikipita bila ya jibu, mwalimu husema matajiri wana roho ngumu, na mwaka unaofuata huongeza aya ya tatu ya dhiki. Huko ni kuongeza maradhi kwa jina la dawa!

Lipo jambo jingine ambalo waandishi wa barua za huruma hawalijui, nalo ni la kodi. Sheria ya Kodi ya Mapato ya mwaka 2004 huitazama hisani kwa jicho moja na gharama ya biashara kwa jicho jingine. Kampuni ikichangia taasisi ya hisani au mradi wa maendeleo ya jamii, punguzo inaloruhusiwa kwa michango hiyo lina kikomo cha asilimia 2 ya mapato yake ya biashara. Bali fedha iliyotumika yote kwa ajili ya kuzalisha mapato, kama vile kujitangaza kwa wateja, huhesabiwa katika gharama za kawaida. Kwa hiyo barua isemayo "tupeni sadaka" humpeleka mhasibu kwenye mlango mwembamba, na barua inayotaja tangazo gani litawekwa, wapi na kwa siku ngapi humpa hoja ya kupitia mlango mpana, mradi ahadi hiyo iwe ya kweli na itimizwe.

Na tuchukue mfano. Shule ya kata iliyo mlimani juu ya Gonja inaandaa maonyesho ya siku mbili, na mwalimu wa fizikia amekadiria gharama: hema na viti shilingi 700,000, mbao za kuonyeshea kazi 600,000, nauli na chakula cha waamuzi 500,000, na zawadi 600,000, jumla shilingi 2,400,000. Aandikiwe nani? Mjini Same yuko mfanyabiashara wa vifaa vya ujenzi, na wazazi wa shule ile ndio wanaonunua saruji na mabati. Tena mbao zenyewe zimo dukani mwake. Tuseme plaiwudi moja huuzwa shilingi 30,000; ukimwomba plaiwudi 20 umempa ombi la shilingi 600,000 ambalo humgharimu bei ya kununulia tu, nawe umepata thamani yote. Aya ya ombi itasomeka hivi:

"Tunaiomba kampuni yako plaiwudi 20, zenye thamani ya shilingi 600,000, zitufikie kabla ya tarehe 1 Agosti. Kwa upande wetu, jina la kampuni litapigwa rangi nyuma ya kila ubao, nazo zitatumika katika maonyesho yetu kwa miaka mitatu. Bango lako litakaa langoni mwa shule kwa siku saba. Na katika muda wa siku 14 baada ya maonyesho tutakuletea taarifa yenye idadi ya wageni waliotia sahihi kitabuni. Sehemu iliyobaki ya gharama ni shilingi 1,800,000, na katika hizo shule na wazazi wamekwisha changa 900,000."

Angalia kwamba kila faida iliyoahidiwa humo i mikononi mwa mkuu wa shule. Hapa ndipo wengi hupotea wanapokwisha kuacha kulia: huahidi kutangazwa redioni, kuletewa mkuu wa wilaya, au picha za wanafunzi zitumike katika matangazo ya kampuni. Redio si ya shule, ratiba ya mkuu wa wilaya si ya shule, na sura ya mtoto haimo katika bidhaa za shule, kwani tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 picha ya namna hiyo huhitaji ridhaa ya mzazi.

Faida iliyo bora ni ile idumuyo baada ya hema kung'olewa. Maonyesho ya taifa ya Young Scientists Tanzania, yaliyoasisiwa mwaka 2011, yanamwonyesha msomaji jambo hili: Karimjee Jivanjee Foundation ilifadhili masomo ya chuo kikuu kwa washindi, na jina la mfadhili likaambatana na kijana kwa miaka yote ya masomo yake. Shule ya Upare haina uwezo huo, lakini yaweza kumpa mdhamini tuzo yenye jina lake, mathalan tuzo ya kazi bora ya kukausha tangawizi au ya kupima tope linalojaza ndiva, mambo ambayo wanunuzi wa mazao na wakulima wa hapa wana haja nayo.

Yaliyobaki ni mafupi. Iandike barua wiki 10 kabla, ukurasa mmoja, kwa jina la mwenye wadhifa. Bajeti iwe kiambatisho. Saini ni ya mkuu wa shule, pamoja na muhuri na kumbukumbu namba. Fedha ipitie akaunti ya shule, kamwe isipitie simu ya mwalimu. Usiwaandikie wauzaji wa pombe na sigara. Usiwaahidi wafanyabiashara wawili lango moja. Siku ya saba baada ya kuipeleka barua nenda dukani mwenyewe na nakala mkononi, na ukikataliwa uliza ni mwezi gani bajeti yao hupangwa.

Nawe mwalimu uliyeniletea rasimu juma lililopita, nakusihi ufute neno "chochote", uhesabu mbao unazozihitaji, kisha uirudishe barua kwangu.