Mfadhili Anapolipa Ada Moja kwa Moja: Barua ya Ufadhili na Viza ya Masomo ya Uingereza

Miongoni mwa watumishi wa afya wa mkoa wa Singida wamo wanaoomba ufadhili wa shahada ya uzamili nchini Uingereza, hasa katika afya ya jamii, uuguzi na tiba. Mtu akishapata nafasi chuoni na mfadhili akakubali kulipa ada, huonekana kana kwamba kilichosalia ni tiketi ya ndege. Lakini ombi la viza hupimwa kwa karatasi, na ufadhili wa kweli unaweza kushindwa kumsaidia mwombaji kwa sababu tu barua iliyouthibitisha imeandikwa pungufu. Makala haya yanaeleza kinachotakiwa katika barua hiyo, na tofauti kati ya mfadhili anayelipa ada pekee na yule anayelipa kila kitu.

Ni vyema kuanza na namba ya udahili iitwayo CAS. Hii si barua ya kukubaliwa chuoni. Ni kumbukumbu ya kielektroniki ambayo chuo huiingiza katika mfumo wa uhamiaji wa Uingereza, kisha mwombaji hupewa namba yake ili aiandike katika fomu ya viza. Ndani ya kumbukumbu hiyo chuo hutaja kozi, tarehe ya kuanza, jumla ya ada ya mwaka wa kwanza, na kiasi cha ada kilichokwisha kulipwa. Ofisa wa viza huzingatia mistari hiyo miwili ya mwisho. Ada isiyolipwa huhesabiwa kuwa deni ambalo mwombaji lazima aonyeshe uwezo wa kulilipa, hata kama mfadhili amekwisha kuahidi kulilipa.

Hapo ndipo tatizo la malipo ya moja kwa moja linapoanza. Wafadhili wengi hawampi mwanafunzi fedha za ada mkononi. Husubiri ankara ya chuo, na ankara hiyo mara nyingi hutoka baada ya mwanafunzi kuripoti na kusajiliwa. Kwa hiyo siku ya kuomba viza, CAS huonyesha kwamba hakuna kilicholipwa. Mfadhili hajakosea, chuo hakijakosea, lakini mwombaji anabaki na pengo ambalo linazibwa na kitu kimoja tu: barua ya ufadhili.

Kanuni za uhamiaji za Uingereza zinataka barua hiyo itaje mambo matano: jina la mwombaji, jina la mfadhili pamoja na anwani na njia za kuwasiliana naye, tarehe ya barua, muda ambao ufadhili utadumu, na kiasi cha fedha kitakachotolewa, au tamko kwamba mfadhili atagharimia ada yote na gharama zote za kujikimu. Jina liwe sawasawa na lilivyo katika pasipoti. Barua ikiwa kwa Kiswahili, iambatanishwe na tafsiri ya Kiingereza iliyothibitishwa na mfasiri. Barua inayosema kwa ujumla kwamba taasisi "inamuunga mkono" mwombaji haina uzito, kwa kuwa haitaji kiasi wala muda.

Barua hii isichanganywe na ruhusa ya masomo anayopewa mtumishi na mkurugenzi wa halmashauri yake. Ruhusa hulinda ajira ya mtumishi akiwa masomoni. Haithibitishi kwamba kuna mtu atakayelipa ada au chakula chake huko aendako, na haiwezi kuchukua nafasi ya barua ya ufadhili.

Swali linalofuata ni nani anayehesabiwa kuwa mfadhili. Kanuni zinatambua Serikali ya Uingereza, serikali ya nchi ya mwombaji, mashirika ya kimataifa, kampuni za kimataifa na vyuo vikuu. Ikiwa mfadhili ni chuo chenyewe kinachompokea mwanafunzi, kinaweza kuandika ufadhili huo ndani ya CAS. Tofauti kubwa inajitokeza pale ambapo msaada unatoka kwa mjomba, kaka, parokia au marafiki waliochanga. Barua yao haikubaliki kuwa barua ya ufadhili, hata ikiwa na mhuri na taarifa ya benki. Fedha za mzazi au mlezi wa kisheria zinakubalika, mradi kuwe na cheti cha kuzaliwa au hati ya ulezi na barua ya ridhaa ya mzazi. Fedha za mjomba hukubalika tu baada ya kuingia katika akaunti ya mwombaji mwenyewe au ya mzazi wake.

Hata hivyo kuna njia kwa msaada wa ada unaotoka nje ya orodha hiyo. Mtoaji akilipa ada kwenye akaunti ya chuo kabla ya CAS kutolewa, chuo kitaandika kwamba ada imelipwa, na kiasi hicho hakitadaiwa tena. Mstari huo hautegemei kama mlipaji anatambuliwa kuwa mfadhili. Mlipaji ajue pia kwamba viza ikikataliwa, vyuo vingi hurejesha fedha kwa aliyelipa, si kwa mwanafunzi. Hivyo ni vizuri aombe masharti ya marejesho kwa maandishi.

Kwa mfano, tuseme muuguzi wa Kiomboi, wilayani Iramba, amepata nafasi ya shahada ya uzamili ya mwaka mmoja katika chuo kilicho nje ya London. Ada ni pauni 24,000. Shirika la kimataifa limekubali kulipa ada yote moja kwa moja kwa chuo, kwa awamu mbili baada ya usajili, na halitatoa posho. CAS yake inaonyesha ada ya pauni 24,000 na malipo sifuri.

Ofisa wa viza atajumlisha ada hiyo na gharama za kujikimu za miezi tisa. Kuanzia Novemba 11, 2025, kiwango cha kujikimu ni pauni 1,171 kwa mwezi nje ya London na pauni 1,529 ndani ya London. Kwa muuguzi huyu, miezi tisa ni pauni 10,539, na jumla inayotakiwa ni pauni 34,539. Barua ya shirika ikitaja kwamba litalipa pauni 24,000 za ada kwa mwaka huo wa masomo, inaondoa sehemu ya ada. Pauni 10,539 zinabaki juu yake. Barua ikiwa na kasoro, kwa mfano haitaji kiasi wala muda, anaweza kujikuta anadaiwa ushahidi wa pauni 34,539 zote.

Sehemu iliyobaki huthibitishwa kwa taarifa ya benki. Fedha hizo lazima ziwe katika akaunti kwa siku 28 mfululizo, na siku ya mwisho ya taarifa isipite siku 31 kabla ya tarehe ya kulipia ombi. Salio likishuka chini ya kiasi kinachotakiwa hata siku moja, hesabu inaharibika na inabidi kuanza upya. Akaunti ikiwa ya shilingi, kiasi hubadilishwa kuwa pauni, hivyo ni busara kuacha nafasi ya kupanda na kushuka kwa thamani. Kanuni ya siku 28 haihusu kiasi kilichotajwa katika barua ya mfadhili anayetambuliwa. Ndiyo sababu mfadhili anayetoa posho aombwe kuiandika posho hiyo ndani ya barua ileile ya ada, kwa kiasi kamili.

Kwa mwombaji kutoka Tanzania kuna hati nyingine inayowahusu watumishi wa afya na wagonjwa kwa namna ya pekee, nayo ni cheti cha kupimwa kifua kikuu. Kila anayekwenda Uingereza kwa zaidi ya miezi sita lazima awe nacho, na kipimo hufanywa katika kliniki iliyoidhinishwa jijini Dar es Salaam. Majibu ya makohozi ya hospitali ya wilaya au ya rufaa ya mkoa hayakubaliki badala yake. Kwa kawaida hupigwa picha ya kifua, na isipoonyesha dosari cheti hutolewa na hudumu miezi sita. Picha ikiwa na kovu au doa, makohozi huoteshwa maabara, na majibu yanaweza kuchukua hadi miezi miwili.

Aliyewahi kuugua kifua kikuu akapona hana sababu ya kuficha. Kovu la zamani huonekana kwenye picha, na bila maelezo hurefusha uchunguzi. Aende na kadi yake ya matibabu na picha za zamani kama anazo. Mjamzito aiarifu kliniki kabla ya kupigwa picha. Akikutwa na ugonjwa, mwombaji hutibiwa kwanza, na tiba ya kawaida ya miezi sita humaanisha kukosa muhula huo. Hapo barua ya ufadhili inarudi mezani: mwombaji amwandikie mfadhili na chuo mapema aombe kuahirishiwa, kwa sababu barua yenye muda wa mwaka mmoja wa masomo haitumiki kwa mwaka unaofuata.

Jambo la mwisho huonekana baada ya masomo. Mtu aliyepewa na serikali au wakala wa kimataifa wa ufadhili msaada wa ada pamoja na gharama za kujikimu, akitaka ndani ya miezi 12 kuomba viza nyingine ya Uingereza, iwe ya masomo au ya kazi ya ujuzi, lazima awe na ridhaa ya maandishi ya mfadhili huyo. Bila ridhaa ombi linaweza kukataliwa hata kabla ya kuangaliwa sifa zake. Aliyelipiwa ada pekee habanwi na sharti hilo. Kwa hiyo maneno yaleyale ya "ada yote na gharama zote za kujikimu" yanayorahisisha viza ya kwanza, ndiyo yanayompa mfadhili kauli juu ya viza ya pili.

Kwa kozi inayoanza Septemba, ombi la viza linaweza kuwasilishwa hadi miezi sita kabla, na uamuzi kwa kawaida hutoka ndani ya wiki tatu baada ya kutoa alama za vidole. Anayesafiri kutoka Singida hadi Dar es Salaam, umbali wa kilomita 700 hivi, anaweza kupunguza safari kwa kupanga kipimo cha kifua kikuu na miadi ya alama za vidole katika wiki moja. Akihofia doa kwenye picha, atangulize kipimo miezi mitatu kabla. Barua ya ufadhili isomwe sambamba na CAS kabla ya kulipia ombi: jina liwe moja, ada iwe moja, na tarehe za ufadhili zifunike muda wote wa kozi. Zikitofautiana, arekebishiwe na chuo au mfadhili kwanza, kwa kuwa ada ya viza hairudishwi ombi likikataliwa.