Runinga Imeunganishwa, Programu Zasema Hakuna Intaneti

Neno "Connected" kwenye runinga janja lina maana finyu: runinga imeshikana na ruta ya nyumbani na kupewa anwani, kwa mfano 192.168.1.23. Halithibitishi kwamba njia ya kutoka kwenye ruta kwenda nje iko wazi.

Cha kutazama kwanza ni saa, kwa kuwa ndiyo husahaulika zaidi. Programu kama YouTube hukagua cheti cha usalama cha seva, na kila cheti kina tarehe ya kuanza na ya kuisha. Runinga iliyokatikiwa umeme, ikawaka na tarehe ya mwaka 2015, huona vyeti vya leo havijaanza kutumika, hivyo hukataa mawasiliano. Tarehe ikirekebishwa kwa mkono na programu zikafunguka, chanzo kimepatikana.

Saa ikiwa sahihi, inafuata DNS, huduma inayogeuza jina la tovuti kuwa namba. Katika mipangilio ya mtandao, DNS huwekwa 8.8.8.8 na namba nyingine huachwa zilivyo.

Hali isipobadilika, runinga iunganishwe na hotspoti ya simu. Ikifanya kazi huko, mashaka yote yahamie kwenye ruta: huenda udhibiti wa wazazi umeizuia runinga hiyo, au ruta inakataa DNS isiyo yake. Ruta nyingine hufunga mlango 123, ambao runinga hutumia kuuliza saa. Dalili yake ni bayana: tarehe iliyorekebishwa jana hupotea tena umeme unapokatika.