Jaza mishale: mrejesho hasi wa tezi ya shingo

Chukua karatasi, funika daftari lako, kisha nakili mchoro huu na ujaze mapengo bila kuchungulia:

```
haipothalamasi --(1)____--> pituitari
pituitari --(2)____--> tezi ya thairoidi
tezi ya thairoidi --(3)____--> damu
damu --(4) alama gani? ____--> haipothalamasi na pituitari
```

Majibu: (1) TRH, (2) TSH, (3) T4 na T3, (4) alama ya kutoa.

Wengi hupatia majina lakini hukosea pengo la nne, kwa sababu huona neno "hasi" wakadhani kuna kitu kibaya. Sivyo. Mshale wa kujumlisha unasema vitu viwili vinabadilika upande mmoja: TSH ikipanda, T4 inapanda. Mshale wa kutoa unasema vinapishana: T4 ikipanda, TSH inashuka. Ukimaliza kuchora, zunguka duara lote ukihesabu alama za kutoa. Zikiwa idadi witiri, mrejesho ni hasi. Zikiwa shufwa, au hakuna hata moja, umekosea mahali.

Sasa tuujaribu mchoro. Chukua mtu wa nyanda za juu kama Maretadu, Mbulu. Katika maeneo mengi ya milimani mvua huosha madini joto kwenye udongo, hivyo mazao huwa nayo machache. Tuseme chumvi anayotumia nayo haijaongezwa madini joto. T4 na T3 hutengenezwa kwa madini joto, kwa hiyo mshale wa tatu unadhoofika. T4 ikipungua, breki ya mshale wa nne inalegea, na TSH inapanda. TSH haiamuru tu tezi itoe homoni, huifanya pia ikue. Ndiyo maana shingo inavimba: hiyo ndiyo goita. Tezi kubwa hunasa madini joto zaidi, na wakati mwingine homoni hurudi karibu na kawaida huku uvimbe ukibaki.

Ukiweza kufuata hayo bila daftari, jibu hili: majibu ya maabara yanaonyesha T4 iko chini, na TSH nayo iko chini. Kosa liko wapi? Kama tezi ndiyo ingekuwa mbovu, TSH ingepanda. Haijapanda, basi anayeshindwa kuamuru yuko juu: pituitari au haipothalamasi.

Kuna kitu kimoja mchoro hauonyeshi, nacho ni muda. Nusu ya T4 iliyomo kwenye damu huchukua takriban siku 7 kuondoka. Ndiyo maana daktari akibadilisha dozi ya T4, kwa kawaida husubiri kama wiki 6 kabla ya kupima TSH tena. Akipima baada ya siku tatu, duara bado halijatulia, na kipimo kitamdanganya.