Filamu Moja, Lugha Nyingi: Skripti Inayoacha Nafasi

Kiwango cha mahindi cha Jumuiya ya Afrika Mashariki kinataka unyevu wa punje usizidi asilimia 13.5. Msimulizi wa Kiingereza akiitamka namba hiyo hutumia silabi 7 hivi. Mwenzake wa Kiswahili, akisema "asilimia kumi na tatu na nusu", anahitaji 13. Picha iliyo kwenye skrini ni ileile na muda wake ni uleule, lakini maneno yameongezeka karibu maradufu. Kama mwandishi wa skripti hakuliwaza hilo mapema, tatizo litamwangukia msomaji aliyeketi kwenye chumba cha kurekodi na vipokea sauti masikioni, naye atakimbia.

Filamu fupi za mafunzo, zile zinazowaonyesha wakulima namna ya kukausha nafaka au akina mama namna ya kumhudumia mtoto anayeharisha, huingizwa sauti za lugha nyingi. Shirika la Access Agriculture, kwa mfano, lina video za wakulima katika lugha zaidi ya 100. Kwa kazi ya namna hiyo, lugha ya kwanza ni mwanzo tu wa safari, na skripti inapaswa kuandikwa kwa ajili ya lugha zitakazofuata.

Tuchukue jambo dogo ambalo mkulima analihitaji kweli: kupima kama mahindi yamekauka, kwa chupa na chumvi. Mwandishi aliyezoea makala za magazeti angeweza kuandika hivi: "Kabla ya kuhifadhi mahindi yako ghalani au kwenye mifuko isiyopitisha hewa, chukua chupa ya kioo iliyo kavu, uyatie humo pamoja na chumvi kavu, kisha utikise kwa dakika mbili au tatu na kuangalia kama chumvi imeshika kwenye kuta za chupa." Kwenye karatasi sentensi hiyo haina kosa. Kwenye filamu imebeba picha nne au tano kwa pumzi moja, na ikirefuka kidogo tu katika tafsiri, sauti itakuwa bado inataja chumvi wakati mkono wa mkulima umeshaanza kutikisa.

Mwandishi anayejua kazi hii huanza na picha. Picha ya kwanza ni mahindi yakimiminwa kwenye chupa, sekunde 6. Msimulizi anasema: "Jaza mahindi theluthi ya chupa." Maneno hayo huchukua kama sekunde 3. Picha ya pili ni vijiko vya chumvi vikiingia: "Weka chumvi kavu, vijiko viwili au vitatu." Ya tatu, mikono inatikisa: "Tikisa dakika mbili au tatu." Kisha chupa inawekwa juu ya meza, chumvi inaachwa itulie, na kamera inasogea karibu kabisa na kioo ambako chembe nyeupe zimeganda. Hapo picha inapewa sekunde 10 nzima, na maneno ni machache: "Chumvi imeshika. Mahindi hayajakauka. Yaanike tena."

Katika kila picha sehemu kubwa ya muda imeachwa bila maneno. Ni busara kuacha theluthi moja ya muda wa picha, na hata kufika nusu pale penye namba au majina ya dawa. Mtazamaji wa lugha ya kwanza haoni upungufu, kwa sababu katika nafasi hiyo anasikia punje zikigonga kioo. Sauti hizo zina kazi, na ndiyo maana hurekodiwa na kuhifadhiwa kwenye faili lake, mbali na sauti ya msimulizi. Zikichanganywa katika faili moja, siku ya kuingiza lugha mpya msimulizi wa zamani hawezi kuondolewa bila punje na jogoo wa uani kutoweka naye.

Sentensi fupi inaokoa jambo lingine ambalo wengi hawalitarajii: mpangilio wa maneno. Kiswahili husema "weka chumvi", kitendo kwanza. Kiamhari, Kioromo na Kisomali kwa kawaida hupeleka kitenzi mwisho. Sentensi ndefu iliyopangwa ili neno "tikisa" liangukie hasa pale chupa inapoanza kutikiswa itavunjika mara moja ikifika Addis Ababa au Mogadishu. Lakini wazo likianza na kuisha ndani ya picha moja, kila lugha inaweza kulipanga itakavyo, na bado sauti na picha zinakwenda pamoja.

Ugumu huongezeka mkulima mwenyewe anapozungumza akiitazama kamera. Midomo haiwezi kufuatishwa, wala hakuna haja. Desturi ni kumwacha asikike kwa sauti yake kwa sekunde moja au mbili, kisha sauti yake inapunguzwa na tafsiri inaingia juu yake. Kwa hiyo mwulizaji anatakiwa aulize jambo moja kwa wakati mmoja, na mhariri aache uso wa msemaji ubaki kwenye skrini kidogo baada ya kumaliza. Mhariri anayekata picha mara tu neno la mwisho linapotoka amemnyima mfasiri pumzi yake.

Wapo waliolikwepa tatizo la midomo tangu kwenye mchoro. Mwaka 2011, baada ya kipindupindu kuzuka Haiti, shirika la Global Health Media Project lilitoa katuni fupi kuhusu ugonjwa huo, ikiongozwa na mchoraji Yoni Goodman. Hadithi inasimuliwa na mtoto wa kiume ambaye baba yake ameugua. Kwa kuwa kisa kinabebwa na sauti ya msimulizi, kuhamia lugha nyingine ni kupata sauti mpya na kuipanga juu ya picha zilezile. Katuni za nyimbo ni kazi nyingine kabisa. Ubongo Kids, iliyoanza Tanzania mwaka 2014, ina nyimbo za hesabu na sayansi, na kwenye wimbo hakuna theluthi ya kuacha: mapigo ya muziki hayasubiri, hivyo mashairi huandikwa upya katika kila lugha.

Dalili kwamba nafasi haikutosha husikika upesi. Msomaji anameza miisho ya maneno, au sentensi inavuka na kuingia kwenye picha inayofuata. Hapo ndipo hatari huanza, kwa sababu studio imelipiwa kwa saa, mtaalamu wa kilimo hayupo, na mtu anapunguza neno linaloonekana dogo. Katika mfano wetu, neno rahisi kuliko yote kukatwa ni "kavu". Bila neno hilo mkulima atachukua chumvi yoyote ya jikoni. Chumvi iliyovuta unyevu hushika kwenye kioo hata kama mahindi yamekauka vizuri, na mkulima ataendelea kuyaanika bila sababu.

Kwa hiyo skripti nzuri ya aina hii ina safu moja ambayo mtazamaji haioni kamwe. Kando ya picha, muda na maneno, kuna safu ya maelezo kwa mfasiri. Penye "vijiko viwili au vitatu" imeandikwa: idadi inaweza kuachwa, picha inaonyesha. Penye "chumvi kavu" imeandikwa: usikate. Na mwishoni kuna onyo refu kidogo: kipimo hiki hugundua unyevu unaozidi takriban asilimia 15, kwa hiyo chumvi isiposhika, usiandike kwamba mahindi yamekauka kabisa, kwa maana kiwango cha 13.5 bado kinaweza kuwa hakijafikiwa.